Ofa ya leo haijatoka: jinsi ya kutafuta chapisho lilikokwama

Shangazi yangu ana duka la vitenge Arua, Uganda. Kila siku ya kazi anatoa ofa moja, kwa mfano yadi sita kwa shilingi 45,000, na anataka itoke Facebook na Instagram saa mbili asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuzunguka sokoni. Jumatatu moja alinipigia saa tatu. "Mwanangu, hiyo mashine yako imelala tena. Ofa haijatoka."

Mashine yenyewe ni apu ya kupanga machapisho, nami ndiye niliyemwekea. Nilipoingia kuangalia nikakuta mambo mawili tofauti. Ya Instagram ilikuwa imetoka kweli, ila saa nane usiku. Ya Facebook ilikuwa bado imekaa kwenye foleni na alama nyekundu. Kwake yote yalikuwa tatizo moja, "haijatoka", lakini kila moja lilikuwa na dawa yake.

Anza kwa kuuliza: liko wapi?

Chapisho lililopangwa hupita vituo vitatu. Linaanzia kwenye simu yako, linakwenda kwenye seva ya apu ya kupangia, kisha saa yake ikifika seva inalisukuma Facebook au Instagram. Likishafika kituo cha pili, simu yako haina kazi tena. Unaweza kuizima, ikaisha chaji, ukasafiri kwenda Koboko bila mtandao, na ofa itatoka vilevile. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hukesha wakiwasha data saa moja asubuhi "ili ofa itoke". Data haisaidii kitu saa hiyo, labda iwe apu inakutumia kikumbusho tu, nitalieleza hilo mbele.

Kwa hiyo kabla ya kufuta apu na kuiweka upya, fungua orodha zake. Kwenye Meta Business Suite, apu ya wenye Facebook na Instagram wenyewe, angalia Planner. Kwenye Buffer angalia Queue, Drafts na Sent. Likiwa kwenye rasimu, halikuwahi kuondoka kituo cha kwanza. Mara nyingi mtandao ulikatika picha ikiwa inapanda. Likiwa kwenye foleni na saa yake imepita, limekwama kati ya seva na Facebook. Likiwa kwenye yaliyotumwa, limetoka, na kilichobaki ni kujua limetoka saa ngapi na nani ameliona.

Apu inazunguka tu, haifunguki

Kwa Uganda sababu ya kwanza ya kufikiria ni zuio. Facebook imezuiwa nchini tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, na Meta Business Suite hupitia milango hiyohiyo ya Facebook. Jaribio lake ni la nusu dakika. Zima VPN, fungua Instagram, kisha fungua facebook.com kwenye kivinjari. Instagram ikifunguka na Facebook ikikataa, mtandao wako ni mzima, unagonga zuio. Zote mbili zikikataa, angalia bando kwanza.

Na hapo kwenye bando pana mtego. Bando la mitandao ya kijamii ni rahisi, ila linatambua WhatsApp au Instagram kwa kuona unakokwenda. Ukiwasha VPN, kampuni ya simu haioni tena unakokwenda, inaona VPN tu, kwa hiyo bando hilo halihesabiki. Kama huna data ya kawaida, kila kitu kinasimama na wewe unailaumu apu. Siku ya kupanga machapisho nunua data ya kawaida.

Ila hapa pia ndipo penye nafuu kubwa ambayo wenye maduka wengi hawaijui. VPN inahitajika pale simu yako inapozungumza na Facebook, basi. Ukitumia Meta Business Suite, utaihitaji kila unapofungua kupanga, lakini si saa ya ofa kutoka, kwa sababu kazi hiyo inafanywa na seva zao, nazo haziko Uganda. Ukitumia apu ya mtu wa tatu kama Buffer, nafuu inazidi. Utawasha VPN siku ya kuunganisha ukurasa wako tu, kwa kuwa siku hiyo Facebook yenyewe hukufungulia dirisha la kukubali. Kuanzia hapo unapanga ukiwa huna VPN kabisa, kwani simu yako inaongea na Buffer, na Buffer ndiyo inayoongea na Facebook huko iliko. Mpango wake wa bure unaruhusu akaunti 3 na machapisho 10 yanayosubiri kwa kila akaunti. Ofa za Jumatatu hadi Jumamosi ni 6, zinaenea.

Na kama wateja wako wako Instagram tu, huhitaji apu nyingine wala VPN. Akaunti ya kitaalamu ya Instagram inaweza kupanga chapisho ndani ya Instagram yenyewe, hadi siku 75 mbele. Chaguo hilo limefichwa kwenye mipangilio ya ziada, kabla hujabonyeza Share.

Imetoka, lakini saa si yake

Ofa ya shangazi iliyotoka saa nane usiku iliwekwa na binti mpya wa dukani. Nilimuuliza kwa upole, naye akajibu bila wasiwasi: "Shangazi alisema saa mbili, nikaweka mbili." Na kweli kwenye skrini ilisomeka 2:00 AM. Shangazi akadakia kutoka nyuma ya meza: "Nani anaamka saa nane ya usiku kununua kitenge?"

Usimcheke binti. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, Waganda nao vivyo hivyo, lakini apu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Kinachosaidia ni kwamba makosa ya saa yana alama zake. Chukua saa uliyotaka, chukua saa lilipotoka, hesabu tofauti. Tofauti hiyo itakutajia kosa.

Ikiwa ni saa 6 kamili, mbele au nyuma, mtu ameandika saa ya Kiswahili kwenye apu ya Kizungu. Saa moja hadi saa sita unaongeza 6, saa mbili inakuwa 8:00. Saa saba hadi saa kumi na mbili unaondoa 6, saa kumi inakuwa 4:00.

Ikiwa ni saa 12, ni AM na PM zimebadilishana. Hili huwakuta sana wenye vyakula, kwa sababu ofa ya saa sita mchana ni 12:00 PM na wengi huandika 12:00 AM, ambayo ni usiku. Kama apu yako ina chaguo la kuonyesha saa 24, liwashe. Mchana utaandikwa 12:00 na jioni 16:00, hakuna cha kuchanganya.

Ikiwa ofa imechelewa kwa saa 3, apu inahesabu kwa saa ya dunia ya UTC, au ya London wakati wa baridi kwao. Sisi tuko saa 3 mbele. Ikichelewa kwa saa 7 au 8 imewekwa New York, na kwa saa 10 au 11 imewekwa Los Angeles. Zinabadilika kwa sababu wenzetu hao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Kosa hili linakuwa kwenye mipangilio ya akaunti, si kwenye chapisho, kwa hiyo ukirekebisha ofa moja na kuacha mipangilio, kesho litarudi. Ingia kwenye mipangilio ya kila ukurasa uliounganishwa, tafuta Timezone, chagua Kampala; Nairobi pia ni sawa, saa ni ileile. Angalia ukurasa mmoja mmoja, maana Facebook inaweza kuwa sahihi na Instagram ikabaki Marekani.

Tofauti ikiwa ya siku nzima, usitafute kwenye saa. Kitufe cha kuongeza kwenye foleni hupeleka chapisho kwenye nafasi inayofuata iliyo wazi, bila kusoma ulichoandika. Umeandika "Ofa ya Ijumaa", nafasi ya Alhamisi ilikuwa tupu, basi itatoka Alhamisi, na mteja atakuja nayo dukani siku hiyohiyo akidai bei. Ofa yenye jina la siku au tarehe ndani yake iwekee tarehe na saa kwa mkono. Foleni waachie picha za bidhaa zisizo na siku.

Saa imepita, bado iko kwenye foleni

Hii ndiyo ilikuwa shida ya Facebook ya shangazi. Alama nyekundu ilimtaka aunganishe upya. Nilimuuliza: umebadilisha nenosiri karibuni? Alikuwa amelibadilisha Jumamosi, baada ya kijana aliyekuwa akimsaidia kuacha kazi.

Ulipounganisha ukurasa, Facebook iliipa apu kama ufunguo wa kuingilia. Ufunguo huo si nenosiri lako, lakini unategemea akaunti yako. Ukibadilisha nenosiri, Facebook ikitilia shaka uingiaji wako, au ukiondolewa usimamizi wa ukurasa, ufunguo unavunjika. Hata bila hayo, baada ya muda Facebook hutaka uthibitishe tena. Ofa ulizopanga hazipotei, zinabaki pale zikigonga mlango uliofungwa.

Dawa yake: washa VPN, fungua kivinjari, ingia Facebook kwanza uhakikishe unaingia vizuri, ndipo urudi kwenye apu ubonyeze kuunganisha upya. Dirisha la Facebook likiuliza ruhusa, usiondoe tiki hata moja, na hakikisha ukurasa wa duka umechaguliwa. Ukiunganisha bila kuugusa ukurasa wenyewe, apu itakuambia umefaulu na kesho itakwama tena. Halafu jaribu kwa chapisho dogo litakalotoka baada ya nusu saa. Ile ofa ya asubuhi usiisukume itoke kama ilivyo. Isome kwanza, kwa sababu ikitoka saa tano ikisema "asubuhi hii kabla ya saa nne" utakuwa umejitafutia ugomvi.

Kama alama si nyekundu na foleni inasema chapisho linasubiri wewe, basi hilo ni la kikumbusho. Akaunti ya kawaida ya Instagram hairuhusiwi kutumiwa machapisho na apu ya nje. Apu inaweza tu kukutumia taarifa kwenye simu ili ubonyeze mwenyewe. Na simu nyingi tunazotumia huzima apu za nyuma ili kutunza chaji, taarifa isifike. Unaweza kuirekebisha mipangilio ya betri, lakini mimi naona ni kuziba nyufa. Badilisha akaunti iwe ya kitaalamu, ni bure, kisha uiunganishe upya na apu.

Facebook imekubali, Instagram imekataa

Hapa tazama umbo la picha. Mabango mengi ya ofa hutengenezwa kwa urefu wa Status ya WhatsApp, 1080 kwa 1920, nalo ni refu mno kwa ukurasa wa Instagram. Kwa mkono Instagram ingekukatia juu na chini, na aghalabu kinachokatwa ni bei au namba ya simu. Kupitia apu, hukataliwa kabisa. Tengeneza bango moja la 1080 kwa 1350, ulihifadhi kama JPEG. Litapita kote, na kwenye Status litaacha ukanda mtupu juu na chini, hakuna anayejali.

Facebook inasema uingiaji unatia shaka

VPN ya bure hukutoa leo Uholanzi, kesho Marekani, keshokutwa Singapore. Kwa macho ya Facebook, mwenye duka la Arua amezunguka dunia kwa siku tatu, na huo ndio mwenendo wa akaunti iliyoibwa. Chagua nchi moja na usiiache, ukipata ya Kenya ni bora. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwa apu ya namba badala ya ujumbe wa simu, na zile namba za dharura ziandike kwenye karatasi ikae na daftari la madeni.

Lakini hatari kubwa iko kwingine. Ukurasa hauna nenosiri lake. Unamilikiwa kupitia akaunti ya mtu. Kwa shangazi mwenye mamlaka kamili alikuwa mmoja, yeye, na kijana alikuwa akiingia kwa nenosiri la shangazi huyohuyo kutoka simu yake. Akaunti ile ingefungwa, ukurasa ungebaki bila mwenyewe. Tulichofanya siku ile ni kuingia kwenye mipangilio ya ukurasa, sehemu ya Page access, tukamwongeza binti wa shangazi kuwa na mamlaka kamili, na binti wa dukani tukampa kazi ya machapisho tu, kwa akaunti yake mwenyewe. Akiondoka, anafutwa yeye, na nenosiri la shangazi haliguswi. Na lisipoguswa, ufunguo wa apu nao hauvunjiki.

Imetoka kwa saa, na bado hakuna aliyeuliza bei

Hapa apu imemaliza kazi yake. Mteja wa Arua asiyetumia VPN haioni Facebook yako, hata chapisho liwe zuri vipi. Wanaoiona ni wenye VPN, na walio ng'ambo ya mpaka, Congo na Sudan Kusini, ambao kwa shangazi ni wanunuzi wa jumla, kwa hiyo hatukuiacha. Wa rejareja wako WhatsApp.

Na WhatsApp Business haina kitufe cha kupanga Status. Apu zinazoahidi kukufanyia hivyo, pamoja na zile WhatsApp za kienyeji zisizo rasmi, zinaweza kukufungia namba, na namba ya duka ndiyo iliyochorwa mlangoni. Status inawekwa kwa mkono. Inakaa saa 24, na inaonekana na mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake naye amehifadhi yako. Orodha ya matangazo nayo inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyekuhifadhi. Ukiona Status ina watazamaji 40 wakati una wateja 300 kwenye simu, waliobaki hawajakuhifadhi.

Siku hizi, kila Jumapili baada ya magharibi, binti wa dukani anapanga ofa sita kwenye apu, bila VPN. Kila asubuhi, akishafagia, anachukua bango la siku kwenye simu na kuliweka Status. Mteja akilipa, kabla ya kukunjiwa kitenge, anaombwa simu yake: "Dada, nihifadhi hapo, andika Vitenge Arua, nami nakuhifadhi." Wiki ya kwanza watazamaji walitoka 40 wakafika 71.